Sahani imejaa kijani: kutafuta kosa kwenye praima za kubadilisha asidi amino moja

"Dada, sahani imejaa!"

"Rangi gani?"

Mwanafunzi wangu akanyamaza kidogo. "Kijani."

Basi hapo furaha imekwisha, maana kijani ndiyo rangi tuliyokuwa tunataka kuiondoa. Tuna jini ya EGFP ndani ya plazmidi, yaani DNA ya duara, ya jozi za besi 3,400 hivi, yenye ukinzani wa ampisilini, na bakteria wanaoibeba hung'aa kijani wakimulikwa. Tunataka tirosini namba 66 iwe histidini, badiliko linaloandikwa Y66H. Tirosini hiyo imo ndani ya asidi amino tatu zinazojikunja na kuwa chanzo cha rangi ya protini. Roger Tsien na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba histidini ikikaa hapo, mwanga unahama kutoka kijani kwenda buluu.

Nafundishia kwa mfano huu kwa sababu rangi ya koloni inaeleza mengi kabla hujatuma chochote kusomwa mfuatano. Kwetu oda ya praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, huweza kuchukua wiki mbili, kwa hiyo kuagiza nyingine kwa kubahatisha ni hasara. Anza kwa kuisoma sahani na jeli.

Praima tunazozungumzia

Njia ni ile ya kunakili plazmidi nzima kwa PCR. Praima mbili zimebeba badiliko, polimerasi inazunguka duara lote, kisha kimeng'enya DpnI kinakatakata plazmidi ya zamani iliyotumika kama kiolezo. Kinachobaki kinaingizwa kwenye bakteria.

Eneo letu kwenye jini linasomeka hivi, kodoni ya tirosini ikiwa TAC:

```
CCC ACC CTC GTG ACC ACC CTG ACC TAC GGC GTG CAG TGC TTC AGC CGC TAC
```

Histidini ina kodoni mbili, CAC na CAT. Ukitaka kubadilisha besi moja tu utachagua CAC. Mimi nachagua CAT, ingawa inabadilisha besi mbili, kwa sababu ACC CAT GGC inazaa mfuatano CCATGG, ambao kimeng'enya NcoI hukata. Baadaye nitaweza kutofautisha plazmidi mpya na ya zamani kwa jeli ya shilingi chache. Kila ukibuni praima, pitia kodoni zote za asidi amino unayoitaka uone kama mojawapo inakupa zawadi ya namna hii. Angalia pia isiwe kodoni ambayo bakteria wako huitumia kwa nadra. Kwa histidini hilo halina shida.

Praima zenyewe, kila moja ikiandikwa kuanzia 5' kwenda 3':

```
Mbele:  CTGACCCATGGCGTGCAGTGCTTCAGCCGCTAC
Nyuma:  CACGCCATGGGTCAGGGTGGTCACGAGGGTGG
```

Zitazame vizuri, maana dalili nyingi zitaturudisha hapa. Besi 15 za kwanza za kila praima zinashikana na za mwenzake. Hiyo ni sehemu ya pamoja, na badiliko limo humo. Zinazofuata, 18 kwa praima ya mbele na 17 kwa ya nyuma, hazishikani na praima nyingine. Kazi yake ni kukamata kiolezo tu.

Kwa hesabu ya haraka ya Tm, yaani joto ambalo nyuzi zilizoshikana huachana, ambayo ni `4(G+C) + 2(A+T)`, sehemu ya pamoja inapata 50 °C, na mikia yote miwili ya 3' inapata 58 °C. Hesabu hii ni ya kukadiria, usiitumie kupanga joto la mashine. Kwa hilo tumia kikokotoo cha watengenezaji wa polimerasi yako. Hapa inatufaa kwa kulinganisha tu: mikia inalingana, na yote inashika kwa nguvu kuliko sehemu ya pamoja. Tofauti ya 5 hadi 10 °C ndiyo ninayoitafuta.

Dalili ya kwanza: jeli haina kitu, sahani haina kitu

Kabla ya kuweka DpnI, chukua mikrolita 5 za PCR uzipitishe kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1. Kwa praima kama hizi unapaswa kuona mstari kwenye 3,400. Usipouona, na chini kabisa ya jeli kuna ukungu mzito, praima zinashikana zenyewe kwa zenyewe.

Chanzo ninachokutana nacho mara nyingi ni muundo wa zamani, ambapo praima ya nyuma ni kinyume kamili cha ya mbele, mwanzo hadi mwisho. Kwa eneo letu ingekuwa hivi, pamoja na kinyume chake:

```
GTGACCACCCTGACCCATGGCGTGCAGTGCTTC
```

Praima hiyo haina kosa kwenye karatasi. Ina besi 33, badiliko liko katikati, inaishia na C, na kwa kanuni iliyozoeleka ya muundo huo,

```
Tm = 81.5 + 0.41(%GC) - 675/N - %tofauti
```

ambamo N ni idadi ya besi na %tofauti ni asilimia ya besi zisizolingana na kiolezo, inapata 81 °C, juu ya kiwango cha 78 kinachotakiwa. Hata hivyo fikiria inachokutana nacho ndani ya mrija. Kwenye kiolezo inakuta besi mbili zisizolingana. Kwenye praima mwenzake inakuta zote 33 zinalingana. Mwenzake naye yumo kwa wingi kupita kiasi. Itamshika nani kwanza?

Kuna tatizo la pili lisiloonekana haraka. Uzi mpya unaanza na praima ya mbele, unazunguka duara na kuishia pale ulipoanzia. Praima ya nyuma ikija kuushika uzi huo mpya, itakaa kwenye ncha ya mwanzo, na 3' yake itatazama nje ambako hakuna cha kunakili. Kwa hiyo kila mzunguko unanakili kiolezo cha zamani tu, na bidhaa inaongezeka kwa kujumlisha badala ya kuzidishwa. Ndiyo maana wanaotumia muundo huo wakati mwingine hawaoni kitu kwenye jeli lakini wanapata makoloni machache. Si kwamba ni mbaya kwa kila jini, na maabara nyingi bado zinautumia. Ila kwenye eneo lenye G na C nyingi kama hili, nimeuacha.

Ukizisogeza praima kama nilivyofanya juu, mkia wa besi 17 wa praima ya nyuma unapata pa kukaa mwishoni mwa uzi mpya, maana uzi huo umeshazunguka duara na kufika huko. Sasa bidhaa nayo inakuwa kiolezo. Mstari kwenye jeli unaonekana kwa macho bila kubishana.

Kama muundo wako umesogezwa na jeli bado ni tupu, fanya mambo mawili kabla ya kulaumu praima. Jaribu joto la kushikana kwa hatua, kuanzia 58 hadi 68 °C, kwenye mashine moja kwa siku moja. Halafu rudia ukiwa umeongeza DMSO ya asilimia 3, ambayo hulegeza maeneo yenye G na C nyingi. DMSO inashusha joto la kushikana kwa karibu 0.6 °C kwa kila asilimia, kwa hiyo teremsha mashine kwa nyuzi 2 hivi. Watu huongeza DMSO wakasahau kushusha joto, halafu wanasema haisaidii.

Lipo pia kosa la aibu ambalo mimi mwenyewe nimewahi kulifanya: praima ya nyuma imeandikwa kinyumenyume bila kubadilishwa besi, au imebadilishwa besi bila kugeuzwa. Praima hiyo haipo popote kwenye plazmidi, na hakuna joto litakaloiokoa. Mistari michache ya Python chini kabisa ya makala hii inalikamata kosa hilo kabla hujalipia.

Mstari mzito kwenye jeli, sahani tupu

Hii ni dalili tofauti, na inapotosha kwa sababu PCR imefaulu. Uliza kwanza praima ni za muundo gani. Upo muundo wa tatu ambao praima zinapeana mgongo: 5' ya moja inagusana na 5' ya nyingine, bila sehemu ya pamoja hata besi moja. Ni muundo mzuri sana, lakini bidhaa yake ni DNA iliyonyooka yenye ncha zisizoweza kujiunganisha. Praima kutoka kiwandani hazina fosfeti kwenye 5', kwa hiyo lazima uongeze fosfeti kwa kinasi na kuunganisha ncha kwa ligasi kabla ya kwenda kwa bakteria. Mtu akichukua praima za muundo huo na kufuata maelekezo ya muundo wangu, ambamo besi 15 zilizo kwenye ncha zote mbili huwawezesha bakteria kufunga duara wenyewe, atapata mstari mzuri na sahani tupu.

Kama muundo ni sahihi, zihofie seli zako. Ingiza pikogramu 100 za plazmidi ya kawaida kwenye seli za fungu lilelile. Zikikupa makoloni machache tu, praima hazina hatia.

Dalili ya pili: makoloni mengi, yote kijani

Hapa ndipo alipokuwa mwanafunzi wangu. Kijani maana yake plazmidi ya zamani imeponea. Usianze na praima. Anza na kiolezo.

DpnI hukata GATC ikiwa adenini yake ina alama ya methili, na alama hiyo huwekwa na bakteria wenye jini dam. DH5α na TOP10 wanayo. JM110 na SCS110 hawana, na plazmidi iliyotoka kwao DpnI haiigusi kabisa. Hata plazmidi uliyopewa na jirani kwenye mrija usio na maelezo, iingize kwanza kwenye DH5α uitoe upya.

Halafu tazama wingi. Mimi naweka nanogramu 10 kwenye PCR ya mikrolita 50, wakati mwingine 5. Yeye alikuwa ameweka 200, kwa kufikiri kwamba kiolezo kikiwa kingi bidhaa itakuwa nyingi. DpnI haimalizi kazi kwa asilimia mia moja, na masalio madogo ya nanogramu 200 yanatosha kabisa kujaza sahani, kwa kuwa plazmidi nzima iliyokamilika inaingia kwenye bakteria kwa urahisi kuliko bidhaa ya PCR.

Kipimo cha kutenganisha mambo haya ni mrija mmoja wa ziada: kila kitu kimo isipokuwa polimerasi, unapitia DpnI ya saa moja kwenye 37 °C, kisha unaingizwa kwenye bakteria. Sahani hiyo ikiwa na makoloni mengi kama ile ya kweli, tatizo ni kiolezo na DpnI. Ikiwa karibu tupu na ile ya kweli imejaa kijani, basi PCR imenakili kitu kisicho na badiliko. Hapo kagua faili la praima: kuna aliyewahi kuagiza praima zilizoandikwa kutoka kwenye jini ya asili, akasahau kuweka CAT.

Tuliteremsha kiolezo hadi nanogramu 10, praima zilezile, mizunguko 20. Siku iliyofuata sahani ilikuwa na makoloni machache zaidi, na mengi hayakuwa kijani.

Dalili ya tatu: si kijani, lakini buluu nayo haionekani

Usikate tamaa haraka. Ukitumia taa ya buluu yenye kioo cha rangi ya chungwa, koloni la Y66H litaonekana giza, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa mwanga huo hauamshi protini hii. Buluu inahitaji taa ya urujuanimno ndefu, ya nanomita 365 au karibu na hapo, chumba kikiwa na giza. Hata hapo ni hafifu na hufifia upesi. Toleo linalojulikana kama EBFP lina badiliko jingine, Y145F, linaloongeza mwanga, letu halina.

Tatizo ni kwamba koloni lenye jini iliyovunjika nalo ni giza. Ndiyo maana nilitaka NcoI. Kwenye plazmidi hii ipo tayari sehemu moja ya NcoI, mwanzoni mwa jini, kwa kuwa mbele ya ATG kuna GCCACC na baada yake G. Badiliko letu linaongeza ya pili, na kati ya hizo mbili kuna jozi 199 kamili. Kata plazmidi ya koloni la giza, ipitishe kwenye jeli ya asilimia 2, na utafute kipande kidogo chini kidogo ya alama ya 200. Ukikiona, praima imeingia. Kabla ya kutegemea hesabu hii kwenye plazmidi yako, tazama ramani yake uone NcoI iko mara ngapi.

Jeli haitakuonyesha besi moja iliyopotea, na besi moja ikipotea fremu nzima ya usomaji inaharibika. Ukisomesha mfuatano ukakuta besi imekosekana ndani ya eneo la praima, chanzo ni utengenezaji wa praima yenyewe. Hujengwa besi moja moja kuanzia 3' kwenda 5', na kila hatua inaacha chache zilizoruka besi. Praima ikiwa ndefu, zilizopungukiwa zinaongezeka. Kwa besi 32 au 33 zilizosafishwa kwa njia ya kawaida tu, natuma makoloni manne kusomwa na aghalabu napata zuri. Ikizidi 40 nalipia usafishaji wa jeli au wa HPLC. Ukiona praima ndefu kwenye faili lako, jiulize kama urefu huo unahitajika au ni woga tu.

Mara nyingine mfuatano unaonyesha praima imejirudia mara mbili, moja nyuma ya nyingine, pale ncha zilipounganishwa. Punguza praima kutoka mikromola 0.5 hadi 0.2, punguza mizunguko, na uchague koloni jingine. Haihitaji praima mpya.

Somesha jini nzima, si eneo la badiliko peke yake. Polimerasi imenakili kila kitu, na hata ile ya uaminifu mkubwa hukosea.

Dalili ya nne: badiliko limeingia, lakini mahali si penyewe

Mfuatano umerudi safi, CAT imo, fremu haijavunjika, ila tirosini bado ipo palepale. Hili ni kosa la kuhesabu, na EGFP inalitega kwa makusudi kabisa, ungesema.

Namba 66 inatokana na protini ya asili ya samaki-yavuyavu, inayoanza na metionini, serini, lisini. Waliotengeneza EGFP waliongeza valini baada ya metionini ya kwanza, na ili namba za zamani zisivurugike, valini hiyo haihesabiwi. Ukihesabu kodoni kuanzia ATG kwenye faili lako, tirosini 66 ni kodoni ya 67, yaani besi ya 199 hadi 201. Kodoni ya 66 kwa hesabu ya kidole ni ACC, ambayo ni threonini 65. Ukiibadilisha hiyo umetengeneza protini nyingine kabisa. Protini zenye mkia wa histidini mbele, au zilizokatwa kipande cha mwanzo, zina mtego wa aina hiyohiyo.

Kwa hiyo usiamini namba peke yake. Soma asidi amino za jirani. Hapa lazima uone leusini, threonini, tirosini, glisini. Kisha acha kompyuta ihakikishe. Weka mfuatano kuanzia ATG kwenye faili `egfp.txt`, halafu:

```
def rc(s):
    return s[::-1].translate(str.maketrans("ACGT", "TGCA"))

jini = "".join(open("egfp.txt").read().upper().split())
print(jini[198:201])
mpya = jini[:198] + "CAT" + jini[201:]
mbele = "CTGACCCATGGCGTGCAGTGCTTCAGCCGCTAC"
nyuma = "CACGCCATGGGTCAGGGTGGTCACGAGGGTGG"
print(mbele in mpya, rc(nyuma) in mpya)
print(mbele[:15] == rc(nyuma[:15]))
```

Mstari wa kwanza lazima utoe `TAC`. Ukitoa `ACC`, umehesabu vibaya. Wa pili utoe `True True`; `False` upande wa pili ni ile praima ya nyuma iliyosahauliwa kugeuzwa. Wa tatu ukitoa `False`, sehemu ya pamoja haishikani, na bakteria hawataweza kufunga duara. Praima zetu zinapita mistari yote mitatu, na yule mwanafunzi sasa haniletei fomu ya oda bila kubandika majibu hayo chini yake.